Nyaya Zimeenda Wapi?

"Mwanangu, kwani nyaya wameshakubali kuzihamisha?"

Mama mwenye kiwanja aliniuliza swali hilo tukiwa tumesimama kando ya barabara kuu, Nanyala, mkoani Songwe. Nilikuwa nimekuja kupiga picha za maendeleo ya ujenzi. Yeye alikuwa ameshika ile picha niliyomtengenezea miezi michache kabla, imechapishwa kwenye karatasi ngumu na kuviringishiwa nailoni isiingie vumbi. Niliinua macho. Nyaya zilikuwa pale pale, tatu, zikitoka nguzo moja hadi nyingine juu ya mbele ya kiwanja. Nikashusha macho kwenye picha. Pale zilipotakiwa kuwa kulikuwa na anga la buluu.

Nilijibu, "Bado, mama." Lilikuwa jibu la uongo, kwa sababu "bado" ina maana kwamba kuna mtu aliyeomba zihamishwe. Hakuna aliyekuwa ameomba. Nilikuwa nimezifuta mimi, usiku, kwenye kompyuta, kwa muda usiozidi dakika tano.

Makala hii inapinga kazi hiyo ya dakika tano. Karibu kila mmoja wetu anayetengeneza picha za majengo yasiyojengwa bado anaifanya, na hatuoni haya. Unapiga picha ya kiwanja, unafuta nyaya na nguzo za umeme, unafuta marundo ya kokoto na mirunda, unafuta magari yaliyoegeshwa, kisha unaipa programu izalishe jengo lililokamilika mahali pale. Tunaita "kusafisha picha". Nasema tuache kuliita hivyo. Kusafisha ni kuondoa uchafu, na nyaya za umeme si uchafu.

Nianze kwa haki, maana wenzangu watasema nazungumza kama mtu asiyejua kazi. Kufuta kuna sababu ya kiufundi, na sababu hiyo ni ya kweli.

Zamani, ulipotaka kuweka jengo ndani ya picha ya kiwanja, ulilichora lote kwenye programu ya michoro, ukalipangia mwanga, kisha ukalibandika juu ya picha. Nyaya hazikukusumbua sana. Kama ziko mbele ya jengo, unazikata na kuzirudisha juu yake. Siku hizi wengi tunatumia akili mnemba. Tunaipa picha ya kiwanja pamoja na umbo la jengo lisilo na rangi, nayo inajaza kuta, madirisha, bati, kivuli na watu. Ili isipotee njia, tunaipa mwongozo: programu ndogo inasoma picha na kutoa michirizi ya kingo zake. Kwenye skrini mwongozo mmoja wa aina hiyo huitwa `canny`. Mwingine, `depth`, unakadiria kipi kiko karibu na kipi kiko mbali.

Programu hizo haziujui umeme. Kwa `canny`, waya ni mstari, na ukingo wa paa ni mstari vilevile. Jaribio langu la kwanza kwa picha ya Nanyala, kabla sijafuta chochote, lilinipa nyumba yenye mikanda mitatu ya zege iliyopinda kidogo mbele ya ghorofa. Zilikuwa nyaya. Nguzo ya umeme, mti uliopakwa dawa, iligeuka nguzo nyembamba ya zege iliyobeba pembe ya paa. Kwa Kiswahili zote mbili ni nguzo, na mashine nayo haikuona tofauti. Rundo la kokoto lilikuwa ngazi. Lori lilikuwa ukuta wa duka.

Kwa hiyo ndiyo, unafuta. Unapaka rangi juu ya kitu usichokitaka, programu inakitoa na kujaza pengo. Photoshop ina `Generative Fill` tangu 2023, na mwaka 2024 ikaongezewa kitufe cha kutafuta na kuondoa nyaya, `Wires and cables`, ambacho hukuhitaji hata kuzionyesha kwa kidole. Fikiria hilo: kitufe kinachozihesabu nyaya kuwa kitu cha kukusumbua macho, na kimewekwa chini ya jina `Find distractions`. Aliyebuni jina hilo alikuwa anamfikiria mpiga picha wa harusi. Sisi tumelichukua tukalipeleka kwenye kiwanja cha ujenzi, mahali ambapo kitu kinachosumbua macho mara nyingi ndicho kitu cha kutazamwa kwanza.

Kosa haliko kwenye kufuta. Kosa liko kwenye kutokurudisha. Tunafuta kwa ajili ya mashine, halafu tunamkabidhi binadamu kile tulichoiandalia mashine.

Sasa niwaonyeshe kilichokuwemo ndani ya picha ya Nanyala, na kila kimoja kilichukua nini kilipoondoka.

Tuanze na nguzo. Nilipiga picha kwa simu niliyoishika usawa wa macho, kama mita 1.6 kutoka ardhini. Kwenye ardhi tambarare kuna kanuni rahisi ambayo wachoraji wanaijua tangu zamani: mstari wa upeo wa macho unakikata kila kitu kilichosimama kwenye ardhi hiyo kwenye kimo kile kile cha kamera. Ukikuta mstari huo kwenye nguzo, basi kutoka chini ya nguzo hadi hapo ni mita 1.6, hata kama nguzo iko mbali kiasi gani. Pima kipande hicho kwenye skrini, kisha pima nguzo nzima. Kwenye picha yangu nguzo nzima ilikuwa mara 6.5 ya kipande cha chini. Zidisha: nguzo ina mita 10.4 hivi. Katikati ya nguzo mbili waya hulegea na kushuka, kwa hiyo pale mbele ya jengo nyaya zilikuwa kwenye mita 9, kuongeza au kupunguza kidogo.

Mama alikuwa anajenga gesti ya ghorofa moja, yenye balkoni ndefu inayotazama barabara, na paa limetoka mbele kuifunika balkoni yote. Ukingo wa paa ungekuwa mita 6.6 kutoka ardhini. Tulipokuja kupima kwa futi kamba, ukingo huo ulitoka mita 2.8 kutoka mstari wa nguzo. Lakini nyaya hazipiti katikati ya nguzo; zinabebwa na mkono wa juu, na waya wa upande wa jengo ulikuwa umetoka mita 1.2 kuelekea kwetu. Zilibaki mita 1.6 za kwenda mbele na mita 2.4 za kwenda juu. Ukipiga hesabu ya mshazari unapata mita 2.9.

Bati la kawaida la kuezekea lina mita 3.

Sihitaji kueleza zaidi kwa yeyote aliyewahi kumwona fundi wa paa akipokea bati kutoka chini, amesimama kwenye ukingo, analigeuza hewani ili aliweke sawa, na upepo umeanza kuvuma. Njia ile ilikuwa ya kilovolti 33. Umeme wa kiwango hicho hausubiri uguswe; kwenye sentimita chache unaruka wenyewe.

Hesabu hiyo yote ilikuwa ndani ya picha ya kwanza. Rula ilikuwemo. Nilipofuta nguzo niliondoa hatari, na pamoja nayo nikaondoa kipimo pekee ambacho kingemwezesha mtu mwingine, fundi, mhandisi au ndugu wa yule mama, kuiona hatari hiyo bila kufika Nanyala. Picha "safi" haipimiki. Inakubali jengo la ukubwa wowote.

Tuendelee na malori. Anayeijua barabara ya TANZAM anajua kwamba kati ya Mbeya na Tunduma huwezi kupiga picha isiyo na lori. Hiyo ndiyo njia ya mizigo ya Zambia na Kongo, na foleni ya mpakani inawafanya madereva walale popote palipo na chakula, maji na mtu wa kuangalia turubai lisichanwe usiku. Mbele ya kiwanja cha mama, siku niliyopiga picha, yalikuwa yameegeshwa mawili. Moja lilikuwa na kontena la futi 40.

Nililifuta kwa sababu lilikuwa limeziba nusu ya mbele ya jengo. Programu ikanijazia pengo kwa majani mabichi yaliyokatwa vizuri, njia ya vitofali, na gari dogo jeupe la familia. Wote ofisini tulisema imependeza.

Sasa jiulize gesti ile ilikuwa ya nani. Mama hakuwa anamjengea mtalii. Alikuwa amewauzia madereva wa malori wali na maharage kwa miaka, ameona wanalala kwenye viti vya mbele miguu iko dirishani, akasema nitawawekea vitanda na maji ya moto. Lori nililolifuta ndilo lililokuwa likiulipia ujenzi. Kontena la futi 40 peke yake lina mita 12.2; ukiongeza kichwa cha gari umevuka mita 15. Gari la namna hiyo linahitaji kuingia, kugeuka na kutoka bila kurudi nyuma barabarani. Picha yangu ilikuwa na nafasi ya gari dogo jeupe. Hakuna aliyeuliza malori yatakaa wapi, kwa sababu kwenye picha hapakuwa na lori la kuulizia.

Na nyuma ya lori kulikuwa na kitu ambacho hata mimi sikukiona. Kulikuwa na mtaro wa maji ya mvua, mpana kiasi cha mtu kuruka. Gari lilikuwa limeuziba. Programu haiwezi kujua kilicho nyuma ya lori. Inakisia kutokana na mamilioni ya picha za mahali pengine, na mahali pengine huko hakuna mtaro wa udongo kando ya barabara, kuna majani. Kwa hiyo njia ya vitofali ilipita tambarare juu ya mtaro uliopo, na kalavati la kuingilia halikuingia kwenye bajeti hata kwa shilingi moja.

Hapa kuna njia bora zaidi ambayo haihitaji kukisia, na inanikera kwamba niliijua nikaivivia. Unaweka kamera kwenye stendi ya miguu mitatu, unapiga picha kumi kwa muda wa saa moja, au unarudi asubuhi malori yakishaondoka na kusimamisha stendi pale pale ulipoweka alama. Kisha unazipanga picha zote kwenye Photoshop kupitia `File > Scripts > Statistics` na kuchagua `Median`. Kwa kila nukta programu inachukua thamani ya katikati ya picha zote. Kitu kilichosimama pale kwa chini ya nusu ya picha kinapotea, na kinachojitokeza mahali pake ni ardhi yenyewe: udongo wa Nanyala, mtaro wa Nanyala. Hujajaza pengo kwa ndoto ya mtu mwingine. Nauli ya kurudi Nanyala ilikuwa ndogo kuliko bei ya kalavati.

Cha tatu ni vifaa vya ujenzi: tofali zilizopangwa, mchanga, kokoto, mirunda, turubai, pipa la maji. Hivi sina ugomvi navyo sana, na nasema hivyo ili msidhani natetea kila takataka. Siku gesti itakapofunguliwa, kokoto zile zitakuwa ndani ya zege. Kuziondoa kwenye picha ya jengo lililokamilika ni kusema kweli kuhusu siku hiyo. Tahadhari yangu ni moja tu: angalia kilichoegemewa. Rundo la tofali za mama lilikuwa limeegemea ukuta wa kibanda cha zamani upande wa barabara, na juu ya tofali ilichungulia herufi ya X, ya rangi ya kijani. Programu iliichukulia kuwa uchafu wa ukutani ikaipaka chokaa.

Kwa Mtanzania anayeishi kando ya barabara kuu, X ni hati. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. X nyekundu imezoeleka kumaanisha umejenga ndani ya hifadhi ya zamani, bomoa. X ya kijani inamwangukia aliyekutwa na sheria kwenye zile mita zilizoongezwa, ambaye ana haki ya kudai fidia. Yaani ile X ilikuwa mpaka na dai kwa pamoja. Nilimfutia mama dai lake kwa sababu rangi yake haikuendana na ukuta wangu.

Kwa hiyo kabla ya kufuta kitu, nimejifunza kukiuliza swali moja: siku mlango utakapofunguliwa, utakuwepo? Kokoto zitajibu hapana, ondoa. Lori litajibu, si mimi, ila mwenzangu atakuwa amekaa hapa hapa. Basi liondoe hilo linaloziba, halafu uweke lingine mahali linapoweza kukaa kweli. Nguzo itajibu, nitakuwepo mpaka mtu aombe nihamishwe na alipie. Basi huna ruhusa ya kuiondoa kwenye picha ya mwisho mpaka uone risiti.

Kurudisha si kazi kubwa. Kabla ya kufuta, unakata nguzo na nyaya na kuziweka kwenye tabaka lake, peke yake, juu ya picha yote. Unafuta chini yake. Unaizalishia mashine jengo kwenye picha iliyofutwa, maana hapo ndipo mashine inapohitaji usafi. Jengo likishatoka, unawasha lile tabaka, na nyaya zinarudi mahali pake, sasa zikiwa mbele ya balkoni. Kivuli cha nguzo utakichora kwa mkono. Mimi nilipofanya hivyo kwa mara ya kwanza, baada ya aibu ya barabarani, iliniondolea nusu saa. Nilipowasha tabaka nilikaa kimya. Waya ulipita juu ya ukingo wa paa karibu mno, kiasi kwamba hukuhitaji hesabu ya mshazari kuogopa.

Najua majibu yatakayokuja.

La kwanza: mteja ndiye anayetaka picha nzuri. Ni kweli, na mama aliipenda sana ile picha. Aliipeleka kwa ndugu zake, wakachanga. Lakini yeye hakuwahi kuniambia nifute nyaya. Alidhani kutokuwepo kwake ni habari. Mtu ambaye kazi yake haihusiani na picha huisoma picha kama anavyosoma barua: kilichomo ni ahadi, na kisichomo kimeshashughulikiwa. Ndiyo maana hakuniuliza kwa nini nimefuta. Aliuliza kama wameshakubali.

La pili: chini ya picha tumeandika kwamba ni mfano tu. Tumeandika, kwa herufi ndogo, na kwa Kiingereza. Taasisi ya wasanifu wa mandhari ya Uingereza, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, haikuridhika na maandishi kama hayo. Kwa picha nzito zaidi za miradi inataka picha ya hali ilivyo iwekwe pamoja na picha ya jengo, na ielezwe kamera ilisimama wapi, kwenye kimo gani, na kwa lenzi gani. Wazungu hao hawana uaminifu kutuzidi. Wamegombana tu muda mrefu mbele ya mabaraza ya mipango miji kuhusu nani alidanganya kwa picha, wakachoka.

La tatu ndilo linalonigusa, maana nililiamini. Rafiki yangu wa studio aliniambia: "Kila picha ya Afrika ina nyaya zilizoning'inia na malori na vumbi. Mwache mama aone kwake pazuri, hata kwenye karatasi." Ni hoja ya heshima, na siipuuzi. Lakini itazame tena ile picha. Majani yaliyokatwa, njia ya vitofali, gari jeupe, anga lisilo na chembe ya vumbi. Hicho si Nanyala iliyopendeza. Ni kitongoji cha nchi nyingine kilichobandikwa mlango wa mama. Mashine haina picha za Nanyala ya kesho. Ina picha za kwingine kwa leo, na kila pengo unaloliacha inalijaza kwa kwingine. Tukitaka kupaonyesha Nanyala pazuri, tuchore lori limeegeshwa kwenye uwanja uliotengenezwa kwa ajili yake, tandiboi anaosha kioo, balkoni imerudi nyuma, na nyaya zinapita juu bila kumtisha mtu. Hiyo nayo ni picha nzuri. Inahitaji tu mbunifu afikiri.

Na tusisahau nguzo ile ilifikaje. Wakala wa Nishati Vijijini ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 2005, na kwa vijiji vingi kuonekana kwa nguzo ya kwanza ilikuwa siku ya kukumbukwa. Watu walihesabu nguzo zilizoshushwa kando ya barabara, wakabishana zitaishia kwa nani. Mama alijenga gesti pale kwa sababu umeme upo. Maji ya moto aliyowaahidi madereva yanatoka kwenye waya niliouonea aibu.

Mwisho wa habari ya kiwanja ni huu. Msingi ulikuwa umeshamwagwa, na watu wa umeme walipokuja walisema ukuta hauna shida, ila balkoni na paa lililotoka mbele, hapana. Balkoni ikafutwa, safari hii kwenye mchoro wenyewe. Nondo zilizonunuliwa kwa ajili yake zilikuwa zimelala chini ya turubai mara ya mwisho nilipopita, zimeanza kushika kutu ya rangi ya chungwa. Mama hakunigombeza. Aliniambia, "Wewe ni mtoto, hukuzifuta kwa ubaya," nami ningependa zaidi kama angenigombeza.

Kama unataka kuzitambua picha za aina yangu, usitafute nyaya, hazipo. Tafuta vilivyosahauliwa. Kivuli chembamba kinachokatiza ukuta na hakina mwenyewe. Kikombe cha kauri kilichobaki hewani pembeni mwa picha, kwenye nguzo ya jirani, kikishika kitu kisichoonekana. Majani ya ardhini yanayojirudia kama kitenge. Kwenye picha yangu kulikuwa na mparachichi upande wa kushoto, mkubwa, umekatwa katikati ya kichwa kwa umbo la bonde. Watu wa umeme huukata hivyo kila mwaka ili matawi yasiguse nyaya. Nilizifuta nyaya zote tatu, lakini mti sikuugusa. Bado umesimama kwenye ile karatasi ngumu, umegawanyika vipande viwili, na katikati yake kuna anga tupu.